Simba wa Tsavo ni Alama Mbili

Januari 2010, tuliochagua Historia katika kidato cha tatu tulikusanywa ndani ya maabara ya baiolojia. Ukumbi ulikuwa na kazi nyingine siku hiyo, na madarasa ya shule yetu, hapo Voi, hayakutosha watu 34 kwa pamoja. Tuliketi juu ya stuli ndefu zisizo na mgongo, katikati ya harufu ya dawa ya kuhifadhia vyura, tukimngoja mkuu wa idara aje kutukaribisha. Tulitarajia hotuba ya kawaida ya Januari: bidii, nidhamu, majivuno ya matokeo ya mwaka uliopita.

Alikuja mama wa makamo, mkononi ana karatasi mbili za majibu zilizokunjwa mara nne. Hakufungua kitabu.

"Karibuni Historia," alisema. "Najua kilichowaleta. Mnapenda hadithi. Nani hapa hajui ya simba wa Tsavo?"

Tukacheka. Mtoto wa Voi asiyejua simba hao ni wa kutafutwa. Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901, na katikati ya safari hiyo, mwaka 1898, simba wawili waliwala vibarua waliokuwa wakijenga daraja la mto Tsavo. Kanali Patterson, ndiye msimamizi wa daraja, akawaua wote wawili Desemba mwaka huohuo. Leo wako Chicago, wamekaushwa na kuwekwa ndani ya kioo, jambo ambalo watu wa kwetu hulisimulia kwa sauti ya kudai deni.

Mwalimu alikunjua karatasi ya kwanza, akatusomea jibu la mwanafunzi wa miaka ya nyuma. Swali lilitaka matatizo sita yaliyokumba ujenzi wa reli, alama 12. Huyo mwanafunzi, ambaye hakututajia jina, alikuwa fundi. Alianza na usiku wa kambi, hema likitikisika, mlinzi akiita asiitikiwe, boma la miiba likiwa na tundu upande mmoja. Ukurasa mzima na nusu. Alipomaliza tulipiga makofi.

"Alama ngapi?" akauliza.

Mmoja akasema kumi. Mwingine, mkarimu zaidi, akasema zote.

"Mbili," alisema. "Hilo ni tatizo moja: wanyama wakali. Kila hoja ina alama mbili. Angeandika kurasa kumi zingekuwa mbili vilevile."

Halafu akakunjua ya pili. Hiyo haikuwa na utamu wowote. Ilikuwa na aya sita fupi kama risiti za duka: uhaba wa vibarua uliolazimisha kuletwa Wahindi, ukosefu wa maji katika nyika ya Taru, magonjwa, upinzani wa Wanandi, mabonde na miinuko mikali ya Bonde la Ufa, na mwisho, ukame. Tulikuwa tushapata akili, tukapiga kelele: kumi na mbili!

"Kumi. Hebu tafuteni zile mbili ziko wapi."

Hatukuziona. Akatuuliza tatizo la maji pale Taru lingetatuliwa vipi. Kuleta maji kwa treni kutoka nyuma, tukasema. Na ukame? Kukawa kimya. Dawa ni ileile. "Basi," akasema, "ugonjwa ni mmoja. Ukiona hoja zako mbili zinatibiwa na dawa moja, umeandika hoja moja mara mbili, na msahihishaji atakulipa mara moja."

Nimefundisha Historia miaka kadhaa sasa na sijapata kipimo kizuri kuliko hicho cha kutambua hoja iliyojirudia. Mwanafunzi anayeshindwa na insha ya Historia mara nyingi ana maarifa ya kutosha. Kinachomponza ni kuhesabu sita mahali penye nne.

Ndipo akageukia ubao. Akachora mstari mrefu, akaukata vipande vitatu kama mtu anayegawa nyama ya harusi na anajua wageni wana macho. Mtihani wa kitaifa, KCSE, una karatasi mbili za Historia na Serikali, alisema, kila moja ya alama 100 na saa mbili na nusu. Ya kwanza ni Kenya, ya pili ni Afrika na ulimwengu. Kipande cha kwanza cha mstari, Sehemu ya A, kina maswali 17 mafupi yenye jumla ya alama 25, na yote ni ya lazima. Kipande cha pili kina maswali manne, unajibu matatu, alama 45. Cha tatu ni cha mambo ya serikali kwa karatasi ya kwanza, kina maswali matatu, unajibu mawili, alama 30. Kila swali katika hivyo vipande viwili vya mwisho lina alama 15, nalo limegawanyika: (a) ya alama tatu au tano, na (b) ya alama 12 au 10.

Hakuna mradi, hakuna alama za darasani zinazobebwa. Miaka minne inapimwa kwa saa tano.

Hesabu ya wakati aliifanya mbele yetu, na hii ndiyo sehemu ambayo hotuba nyingi za kukaribisha huiruka. Saa mbili na nusu ni dakika 150. Toa kumi za kusoma karatasi na kuchagua maswali. Toa 30 za Sehemu ya A. Zinabaki 110, na insha ni tano. Dakika 22 kwa kila moja. Akauliza yule fundi wa simba alitumia dakika ngapi kwa ukurasa na nusu. Hakuna aliyejibu, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa ameshapiga hesabu na kuona kwamba yule bwana hakufika swali la mwisho.

Hapo gari moshi la mizigo likapita. Reli ya zamani ilipita karibu na shule kiasi kwamba vioo vya maabara vilitetemeka, na desturi ya walimu wote ilikuwa kunyamaza mpaka behewa la mwisho liishe. Alisimama na chaki yake, akatikisa kichwa kuelekea dirishani, kama kusema: huyo hapo, muulizeni mwenyewe matatizo yake.

Treni ilipoisha akaandika maneno mawili: TAJA na ELEZA. Karatasi yenyewe huja kwa Kiingereza, lakini alitaka tuyasikie kwa lugha ambayo hatungeweza kujidanganya nayo. Ukiambiwa taja, weka hoja kwa sentensi moja, chukua alama moja, ondoka. Ukiombwa mbili usiandike nne kwa matumaini, kwa maana zako mbili za kwanza ndizo zitakazosomwa. Ukiambiwa eleza, hoja pekee ni nusu ya malipo. Akaandika: "Vibarua walishambuliwa na wanyama wakali." Akaweka alama moja pembeni. Akaongeza: "Mwaka 1898 pale Tsavo, simba waliwala vibarua na kazi ya daraja ikasimama kwa muda." Akaweka ya pili. Sentensi ya kwanza inasema kulikuwa na nini, alieleza, ya pili inasema kilifanya nini kwa reli. Mwenye kuandika kwamba simba walikuwa wakubwa, wakali na wasio na manyoya ya shingoni hajaeleza kitu, amemsifu simba.

Kwa swali la (b) alitaka aya, si orodha yenye nambari. Mwanafunzi anayeorodhesha huishia kutaja, akapata nusu, kisha akarudi nyumbani akisema Historia ilikuwa rahisi.

Nilitoka maabara nikiwa na uhakika kwamba nimeelewa. Niliendelea kuelewa mpaka muhula wa pili.

Katika mtihani wa kufunga muhula huo swali moja lilihusu Chama cha Milima ya Taita: eleza sababu sita zilizofanya kiundwe, alama 12. Niliona kama nimepewa zawadi. Chama hicho kiliundwa mwaka 1939, na viongozi wake, Woresha Mengo, Jimmy Mwambichi na wenzao, ni majina yanayotajwa nyumbani kwetu bila kitabu. Niliandika ardhi iliyotwaliwa na walowezi. Nikaandika kipande, kodi, na kazi za kulazimishwa. Nikaandika hatua za kupunguza mifugo. Hoja ya sita nikaipamba kuliko zote: watu walifukuzwa nyikani ili kuanzisha Hifadhi ya Taifa ya Tsavo. Hiyo niliipata kwa babu. Alichunga mbuzi kwenye tambarare zile akiwa kijana, na siku aliyoambiwa asirudi tena na mifugo aliisimulia kila ng'ombe wa mtu alipokamatwa ndani ya mpaka. Zaidi ya nusu ya eneo la kaunti yetu liko ndani ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Hakuna familia isiyokuwa na babu wa namna hiyo.

Nilipata tisa. Hoja nne kamili, mifugo alama moja kwa kuwa nilitaja tu, na Tsavo sifuri. Sifuri yenyewe ilikuwa na duara.

Nikaipeleka karatasi ofisini kwake. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, ya heshima lakini makali.

"Chama kiliundwa mwaka gani?" akauliza kabla sijaanza.

"1939, Mwalimu."

"Na hifadhi?"

Sikujua. Akanitolea kitabu rafuni. Ilitangazwa mwaka 1948.

"Mtoto anaweza kumzaa babake?"

Nikasema babu hakudanganya. Naona aibu hadi leo kwa jinsi sauti yangu ilivyopanda.

"Keti, mwanangu," alisema. "Sijasema mzee amedanganya. Nimesema umempeleka kwenye kesi isiyo yake. Chama chenyewe kilipigwa marufuku mwaka 1940, pamoja na KCA ya Wakikuyu na kile cha Wakamba. Babu yako anafukuzwa nyikani, chama kina miaka minane kimefungwa. Mzee ni shahidi mzuri, lakini muite siku swali likiuliza athari za sera za ardhi za wakoloni. Hapo atakupa alama mbili safi."

Halafu akaniuliza kama ninajua kilichowapata watu wa Kasigau. Nilijua mlima tu. Akanieleza kwamba mwaka 1915, katika vita vya kwanza vya dunia, Wajerumani walivuka mpaka wakashambulia Kasigau, na Waingereza wakawashuku wenyeji kuwa waliwasaidia. Wakawahamisha watu wote hadi Malindi. Walikaa ugenini miaka mingi, na wengi walifia huko. Jambo hilo lilitangulia chama kwa zaidi ya miaka 20. Kwa tarehe, lilikuwa na haki ya kuingia katika swali langu.

"Kwa hiyo ningeandika Kasigau ningepata?"

Hapo alinyamaza kidogo. Jibu alilonipa ndilo ninalolifundisha sasa, ingawa sina hakika kama ninalipenda. Msahihishaji, alisema, pengine anatoka Busia au Nyeri. Ana rundo la karatasi na mwongozo wa kusahihisha wenye hoja zilizokubaliwa. Kabla ya kazi kuanza huketi na wenzake wakapitia majibu ya watahiniwa, na hoja nzuri ambayo haikuwamo huweza kuongezwa. Lakini usijenge nyumba yako juu ya huweza. Ukianza aya yako na neno Kasigau, atatafuta Kasigau kwenye mwongozo, asilione, aende mbele. Anza na hoja anayoijua: watu walipoteza ardhi yao chini ya utawala wa kikoloni. Ameshaweka alama ya kwanza. Sasa mpe Kasigau kama maelezo. Atalazimika kuisoma, na itakuletea ya pili.

"Hoja ni mlango," alisema. "Mambo ya kwenu ni kiti cha ndani. Usimpe mgeni kiti nje ya mlango."

Kwa ushauri huo nilifaulu. Nimewaona wengine wengi wakifaulu kwao, na pia nimeona bei yake. Mtihani ule unalipa hoja sita kwa kiwango kimoja. Ardhi alama mbili, kipande alama mbili, kodi alama mbili. Lakini mtu wa Taita wa mwaka 1939 hakuyaishi hivyo, kila moja na foleni yake. Kodi ilimsukuma kutafuta mshahara. Mshahara ulikuwa kwenye mashamba ya mkonge ya tambarare, Mwatate na kwingineko. Na kipande kilihakikisha hatoroki. Mnyororo mmoja. Mwanafunzi anayeuona mnyororo huo na kuuandika katika aya moja ndefu yumo hatarini: msahihishaji mwenye haraka anaweza kuihesabu aya kuwa hoja moja. Anayeukata pete tatu analipwa sita. Tunawafundisha watoto kukata.

Mimi nililijua hilo chuo kikuu, kwa njia isiyopendeza. Insha yangu ya kwanza, ya sababu za upinzani dhidi ya wakoloni, ilirudi na neno moja pembeni kwa kalamu nyekundu: "Orodha." Nilikwenda kuuliza kwa nini, kwa kuwa sasa nilikuwa bingwa wa kwenda ofisini na karatasi. Mhadhiri akaniuliza, kati ya sababu zako nane, ipi ingeondolewa upinzani usitokee? Sikuwa nimewahi kuulizwa swali la namna hiyo. Maabara ya baiolojia haikuwa na nafasi ya uzito. Ilikuwa na nafasi ya idadi.

Hata hivyo simlaumu mwalimu wangu. Alikuwa akitueleza mtihani uliokuwapo, si ule aliotamani. Na ulipobadilika mkononi mwake hakujifanya hajui. Mwaka huohuo wa 2010, Agosti 27, katiba mpya ilizinduliwa, na ile sehemu ya serikali tuliyokuwa tumeikariri tangu Januari, mikoa, wakuu wa wilaya na mengineyo, ikaanza kuzeeka ndani ya daftari. Alituambia tusichane kurasa. "Zikunjeni," alisema, "zishakuwa Historia."

Kuna jambo moja tu ambalo sikuwahi kumsikia akilitetea. Ukitoka Voi kwenda Taveta unapita Salaita, kilima kidogo ambapo Februari 1916 majeshi ya Waingereza na Waafrika Kusini yalishindwa na Wajerumani. Voi kwenyewe kuna makaburi ya askari wa vita hivyo. Sisi tulivisoma vita vya kwanza vya dunia katika karatasi ya pili, tukaanzia Sarajevo tukaishia Versai, na Salaita haikutajwa. Jumamosi moja alitupeleka makaburini, si kwa ajili ya mtihani, alisema hivyo waziwazi mbele ya naibu mwalimu mkuu, na tukasoma majina hadi jua likawa kali.

Mwaka huu wa 2026 imekuwa zamu yangu. Waliofanya mtihani wa mwisho wa darasa la nane mwaka 2023 wameingia kidato cha tatu Januari, nao watafanya KCSE ya mwisho mwaka 2027. Maana yake hotuba ile ya kueleza Sehemu ya A, ya B na ya C kwa waliochagua Historia haitatolewa tena kwa darasa jingine la kidato cha tatu nchini. Ng'ambo ya ukumbi, Gredi ya 10 ya kwanza ilikuwa ikikaribishwa kwa somo jipya, Historia na Uraia, ambalo kazi za mwaka zina nafasi yake katika tathmini. Huenda huko mtoto atawasilisha sauti ya babu yake iliyorekodiwa, na mtu akaipima. Ningependa kuliona hilo kabla sijalisifu.

Niliingia na karatasi mbili zilizokunjwa mara nne. Nikasoma simba. Wakapiga makofi. Nikawaambia alama mbili, na uso uleule tuliokuwa nao sisi mwaka 2010 ukapita mbele yangu safu baada ya safu. Nikachora mstari, nikagawa, nikafika dakika 22. Treni haikupita, mizigo mingi siku hizi iko kwenye reli mpya, na nilijikuta nikinyamaza mahali pale pale bila sababu, wanafunzi wakinitazama.

Nilipofika kwenye Chama cha Milima ya Taita, msichana mmoja wa nyuma akainua mkono. Kwao ni Kasigau. Nyanya yake alimwambia kwamba mama yake yeye nyanya alizaliwa Malindi, na si kwa kupenda. "Mwalimu, hiyo nitaiandika wapi?"

Nikampa chaki. Akaja ubaoni, akaanza na jina la mlima. Akasita. Akalifuta kwa kiganja, akaandika kwa herufi za polepole kwamba watu walipoteza ardhi yao chini ya utawala wa kikoloni, akaweka nukta. Kisha akarudisha mlima, na Malindi, na mwaka 1915.

"Mbili," ikasema sauti ya mvulana kutoka karibu na dirisha, kabla sijafungua mdomo.

Msichana hakugeuka. Alikuwa bado anaandika, jina la nyanya yake.